Kingereza ya ku simu kutoka Joburg inanipita, nifanye je?

Yaya, jambo. Miye natumika ku dispachi ya kampuni moja ya transpo hapa Lubumbashi, tunafuataka makamio zenye kutoka Johannesburg mpaka Kasumbalesa. Kingereza nilijifunza Kitwe, nilikaa kule miaka 3 kwa shangazi, na Bazambia tunasikilizana bila shida, mashofere ba Zimbabwe pia. Lakini kuko muzungu mmoja wa ku biro ya Joburg, kila siku anapiga simu, na Yaya, sisikie kintu. Anasema mbio, maneno inashikamana. Wiki iliyopita alisema kamio 15, miye nikaandika 50, patro akanigombeza mbele ya bantu bote. Siku ingine akasema permi inatoka "jas nau", nikatuma deklaran mbio ku mupaka, akalala kule siku mbili bure. Mwaka muzima nasikilizaka habari ya BBC kila asubuhi, haikubadilisha kintu. Na mwezi wenye kuja tunapata patro mupya kutoka Perth, Australia. Nilipe masomo ya miezi 3 ama masikio yangu njo imekwisha vile?
Dada wa Kampemba

*

Mdogo wangu wa Kampemba, masikio yako iko muzima, na pesa ya masomo iache kwanza mu mufuko. Maneno unayo. Kama hungekuwa nayo haungesikilizana na mashofere. Yenye unakosa ni kintu kidogo zaidi, na kinafundishika: haujajua huyu bwana anapeleka wapi sauti za a, e na i. Nitakuonyesha, juu ukishaiona mara moja haitafichama tena.

Fikiri vile ulijifunza. Kibemba iko na vokali 5, a e i o u, sawasawa na Kiswahili yetu, na Kishona ya mashofere wako pia ni 5. Muntu wa Kitwe akisema Kingereza anaisemea mu zile 5, na weye unaisikilizia mu zile 5, njo maana munapendana. Lakini Kingereza ya bantu wenye kuizaliwa nayo iko na sauti za vokali karibu 20 ukihesabu na zile zenye kuanza pahali moja na kumalizika pengine, na kila nchi inazipanga kivyake. Kwa hiyo wakati huyu wa Joburg anasema, sikio yako inakamata sauti, inaitupa mu moja ya zile nyumba 5, na inakosea nyumba. Kiisha unasema "anasema mbio". Mbio iko, nitaifikia, lakini haiko ya kwanza.

Ya kwanza ni hii. Fikiri benchi mu kanisa, bantu batatu bameikala, a, e na i. Mu Kingereza ya muzungu wa South Africa mwenye kuzaliwa mu Kingereza, a amesogea kidogo kwenye e alikuwa ameikala. E naye hana nafasi, anasogea kuelekea i. Na i anasukumwa anatoka ku benchi, anaenda kusimama katikati ya nyumba, pahali kwenye Kiswahili haina vokali hata moja. Ni ile tu. Kitwe banakwambiaka "bak" kwa kurudi, yeye anasema karibu "bek". Kitwe banasema "chek" kwa kuangalia, yeye anasema karibu "chik". Na neno yenye kuwa na i fupi kama kukaa, "sit", yeye anaisema na kasauti kenye hakako i, hakako e, kako kama unagunaguna. Karibu kila neno ya namna ile, kila siku, ni vile vile. Hii njo habari nzuri ya lafudhi: mwenyewe hawezi kuiacha, kwa hiyo ukishajua kusogea moja, umefungua maneno mia.

Sasa BBC. Sikukatazi, habari ni nzuri, lakini yule mwenye kusoma habari anasoma maneno yenye kuandikwa, anapumua mu nafasi yake, na benchi yake imepangwa namna ingine. Mwaka muzima umezoeza sikio ku benchi yenye huyu bwana hana. Ni kama kujifunza njia ya Likasi juu unataka kufika Kipushi.

Tushuke mu kazi yenyewe. Uniambie, huyu bwana hakutumiake odio mu WhatsApp? Kama hatumi, umwombe kwa adabu, useme rezo ya simu hapa inakatikakatika, odio itasaidia. Na si uongo. Simu ya kawaida inapitisha sauti kutoka Hertz 300 mpaka 3400 tu, zile za juu zinabaki inje, na ni kule juu njo s na f zinakaaka, kwa hiyo ku simu s na f zinafanana hata kwa Mwingereza mwenyewe. Odio ya WhatsApp iko wazi zaidi, na inabaki mu telefone yako, unaweza kuirudilia mara 20. Ile odio njo kitabu yako, juu ni sauti yake, na ni mambo yenye weye uko unajua: permi, depo, Chirundu, agent, kesho.

Nitafanya moja na weye. Sema alikutumia odio ya sekunde 6, kamio iko Chirundu. Weka vya masikio, sikiliza mara 3 bila kusimamisha, kiisha kamata kalamu na uandike yenye umesikia, kwa herufi za Kiswahili, usitafute Kingereza ya masomo. Uandike ujinga wote vile unakuja. Kwenye kaye yako kutakuwa kitu kama hii:

"al chik wida gaiz eta depo n get bek tya jas nau hei, da pemet stel seten wida ejent"

Usikasirike. Hii kaye iko nzuri sana, iko na jibu mu ndani. Sasa umwandikie meseji umuombe akuandikie ile odio juu ya dosie, ama umupe mwenzako mwenye kuisikia, hata shofere. Yenye inarudi ni hii:

"I'll check with the guys at the depot and get back to you just now, hey. The permit's still sitting with the agent."

Weka mistari miwili moja chini ya ingine na uangalie na kalamu nyekundu. Check, weye umeandika chik. Back, umeandika bek. Hapo benchi imesogea mara mbili mbele ya macho yako. Permit, still, sitting: kwa zote uliandika e, na haikuwa e, ilikuwa ile i yenye kufukuzwa ku benchi, sikio yako ilitafuta nyumba ya karibu ikaiweka kwa e. Angalia, hukukosa ovyo ovyo. Ulikosa mara zote upande moja. Hii njo kitu nataka uone na macho yako, si kwa kuniamini: makosa yako iko na kanuni, na kanuni ni yake yeye.

Baada ya ile, sikiliza tena mara 2 ukiwa unasoma ile ya Kingereza kwa macho. Hapa njo sikio inajifunza kweli, wakati inasikia "bek" na inajua bila mashaka kama ni back. Bila kujua neno, unaweza kusikiliza mwaka na sikio haitasogeza kintu, juu hakuna mwenye kuiambia ilikosa wapi. Kiisha funika karatasi, sikiliza mara ya mwisho, na useme pamoja na yeye, na lafudhi yake, bila haya, funga mulango ya biro. Yote ile ni dakika 15. Kesho yake odio ingine. Usirudilie ile ya jana, ile utaikariri kwa kichwa na utafikiri umeendelea.

Sasa ile mbio. Kiswahili inaheshimu kila silabi, ka-su-mba-le-sa, kila moja inapata zamu yake. Kingereza haifanye vile, inapiga kwa nguvu silabi yenye iko na habari na inameza zenye kubaki. Angalia ku kaye yako: "wida" ilikuwa maneno mawili, "eta" mawili, "n" peke yake ilikuwa neno nzima, "tya" mawili. Si kama alikuwa na haraka, hata akiwa ameikala na kunywa chai atasema vile. Kwa hiyo kupunguza mbio haisaidie sana. YouTube iko na 0.75, itumie kwa kuhakikisha neno moja, lakini usijifunzie mule, juu herufi yenye kumezwa hairudi hata ukivuta odio mpaka kesho, na WhatsApp yenyewe haina kupunguza, ni kuongeza tu. Acha kukimbilia kila neno. Ukamate zenye kupigwa, chik, gaiz, depo, bek, pemet, ejent, na zile za katikati uziweke weye mwenyewe juu sarufi yake unaijua tangu Kitwe.

Lakini kuko neno moja yenye kumezwa yenye usiiache hata siku moja, na hapa nasema na uchungu. Ni ile ya kuweza na ya kutoweza, can na can't. Ku Kitwe ya kutoweza unaisikiaka na t yake ku mwisho, safi. Huyu bwana ile t anaimeza, haitafika ku sikio yako. Ukingojea t utakosa kila mara. Sikiliza urefu ya vokali. Kama anaweza, neno inakuwa "kn", inapita kama inzi, "wi kn kros tunait". Kama hawezi, neno inasimama wima, ndefu na nzito, na ku Joburg ile a yake inaenda nyuma ya koo mpaka karibu na o: "wi koont kros tunait". Fupi ni ndiyo, ndefu ni hapana. Miye hii nilijifunza vibaya. Nilikuwa natafsiri mu mukutano wa muchimbo moja, injiniya akasema hatuwezi kusimamisha ile pompi usiku, miye nikasikia tunaweza, nikasema ndiyo tunaweza, na makanika bakaenda saa nne ya usiku na vyombo byao. Hakuna mwenye kuumia, Mungu alisaidia, lakini tangu ile siku kila can yenye kupita mbele yangu naigeuza kuwa ulizo: "so, yes, tonight they cross?" Ufanye vile vile.

Na "jas nau" yake, mdogo wangu, hukuisikia vibaya. Uliisikia sawa kabisa. Ku South Africa "just now" haiko sasa hivi. Ni baadaye, saa moja, mchana, labda kesho. Bakisema "now now" hapo ni karibu zaidi, lakini pia si dakika hii. Deklaran alilala Kasumbalesa juu ya maana ya neno, si juu ya masikio yako, na hii unaweza kumweleza patro bila kuogopa. Siku ingine ukisikia moja ya zile mbili, umuulize saa, na saa iwe namba.

Tukisema namba: 15 na 50. Kwa kitabu banafundisha kama 15 inapigwa ku mwisho, fiftin, na 50 ku mwanzo, fifti. Ni kweli wakati namba iko peke yake. Lakini ikifuatwa na kintu, kamio 15, mara mingi Mwingereza anarudisha nguvu ku mwanzo, "fiftin traks", na ile n ya mwisho njo inabaki kuwatofautisha, na ku simu yenye kukwaruza n inapotea. Kwa hiyo hapa usizoeze sikio, ni kupoteza wakati. Ufanye kama bantu ba radio, namba moja moja. Umwandikie hapo hapo:

"Sorry, is that one five or five zero?"

Yeye hatachukia, mu transpo bote banafanya vile. Na wakati umekosa neno katikati, usiseme "sorry?" peke yake, juu atarudilia muzima mu mbio ile ile, kwa sauti kubwa zaidi. Rudisha yenye umekamata na uache shimo kwenye umekosa: "the permit is still with...?" Atajaza shimo tu, polepole, na neno moja peke yake ni rahisi kusikia.

Nirudie ku mazoezi, juu kuko kosa mbili zenye bantu banafanyaka hapa kwetu, na zote zinachunguzwa na bataalamu. Moja ni maandishi ya chini ya filamu. Mu mwaka 2009 Holger Mitterer na James McQueen, kule Uholanzi, baliweka Baholanzi kuangalia video yenye Kingereza ya Scotland ama ya Australia. Wenye kuwa na maandishi ya Kingereza chini, sikio yao ilifunguka kwa ile lafudhi, hata kwa sentensi zenye hawakusikia bado. Wenye kuwa na maandishi ya Kiholanzi, luga yao ya nyumbani, kwa zile sentensi mupya balifanya vibaya kuliko hata wenye hawakuwa na maandishi. Sababu unaijua sasa: maandishi ya Kingereza inaambia sikio "ile ilikuwa back", maandishi ya luga ingine inakupa hadisi na inaacha sikio ilale. Kwa hiyo ukiangalia interviu ya bantu ba Joburg jioni, zima Kifaransa chini, weka Kingereza. Na ku YouTube uchague yenye muntu aliandika, si ile yenye imeandikwa auto-generated, juu mashini nayo inakosaka lafudhi na itakufundisha kosa yake.

Ya pili ni kubaki na sauti moja. Ann Bradlow na Tessa Bent, 2008, balionyesha na Kingereza ya Bachina kama ukijizoeza na muntu mmoja, unamsikia yule mmoja. Ukijizoeza na bantu mbalimbali ba lafudhi ile ile, unasikia hata wa mupya mwenye hujakutana naye. Kwako weye kuanza na mmoja ni sawa, juu ni yeye njo anakusumbua. Juma mbili za kwanza odio zake tu. Kiisha uongeze ba wengine batatu ba inne, mwanamke na mwanaume. Mu accent.gmu.edu kuko bantu ba dunia yote, na bote banasoma maneno ileile moja, fupi, yenye kuanza "Please call Stella". Hii ni mali: unafungua wa Johannesburg, unafungua wa Zambia, neno ni zilezile, na unasikia benchi ikisogea. Haikule mega mingi. Lakini pale banasoma, hawazungumze, kwa hiyo ni ya kujifunza vokali tu, ile ya kumeza maneno utaipata ku odio.

Angalisho moja, South Africa haina lafudhi moja. Yenye nimekueleza ni ya huyu bwana na wenzake ba Kingereza ya nyumbani. Muzulu ama Musotho wa ile biro ataikala karibu zaidi na Kingereza yako ya Kitwe, na mwenye kuzaliwa mu Kiafrikaans atakuvingirishia r kwenye huyu wako haitamki kabisa. Ukisikia r zinavingirika, ujue umebadilisha benchi.

Utajua je kama inaendelea? Kila siku ya posho ukamate odio mupya yenye hujasikia, uisikilize mara 3, uandike, uhesabu maneno ulipata sawa juu ya maneno yote, na uandike namba ku kona ya kaye na tarehe. Ile ya juu ilikuwa na maneno 23. Kama ulipata 11 na baada ya juma tatu odio ya urefu ile unapata 18, iko inafanya kazi. Kama namba haisogei, angalia kwenye unakosa: kama ni vokali, rudi ku kalamu nyekundu, kama ni maneno yenye hukujua hata kwa maandishi, hapo njo ni shida ya msamiati, na hapo masomo inaweza kusaidia.

Huyu wa Perth, usimsikilize na benchi ya Joburg, utapotea. Kwake i haikufukuzwa, iko ku nafasi yake na tena inakaza, "sit" yake inakaribia "siit". Yenye inasogea kwake ni ile vokali ya "dei", inafunguka mpaka karibu "dai", kwa hiyo leo inakuwa "tudai" na 8 inakuwa "ait". Fungua ukurasa mupya ku kaye, jina yake juu. Siku ya kwanza akifika muingie mu parkingi muhesabu makamio pamoja kwa sauti, ile 8, 18 na 80 zake uzisikie ukiwa unaona makamio na macho, na ku simu namba zake pia ziitwe moja moja, wan ait, ait ziro.